Amri ya Mahakama Kuhusu Watoto Isomwe Kifungu kwa Kifungu

Mama anasema: "Mwezi wa pili huu hajatoa hata senti, kwa nini nimpe watoto?" Baba naye ana lake: "Nimekwenda mara mbili nikakuta mlango umefungwa. Hela nipeleke za nini?" Maneno haya yamezoeleka katika veranda za mahakama na ofisi za ustawi wa jamii nchini Tanzania. Wanaoyasema huwa wamekwisha kuvunja amri ya mahakama wote wawili, kila mmoja akiamini kwamba kosa la mwenzake limemfungulia njia. Halijamfungulia. Amri kuhusu watoto ina vifungu kadhaa, na hakuna kifungu kilichowekwa rehani kwa ajili ya kingine. Matunzo ni haki ya mtoto, na kumwona mzazi asiyeishi naye ni haki yake vilevile. Anayezuia kimoja kwa sababu amenyimwa kingine anamwadhibu mtoto.

Ili jambo hili lieleweke vizuri, tuchukue amri ya mfano. Mahakama ya Wilaya imevunja ndoa ya watu wawili wenye watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 5. Hukumu imesomwa Ijumaa, tarehe 6 Machi 2026, na mahakama imeamuru hivi:

1. Watoto wataishi na mama.
2. Baba atakuwa na watoto kila Jumamosi ya pili na ya nne ya mwezi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.
3. Baba atalipa matunzo ya shilingi 150,000 kwa mwezi kwa watoto wote wawili, si zaidi ya tarehe 5 ya kila mwezi, kuanzia Aprili 2026.
4. Baba atalipa ada inayodaiwa shuleni, shilingi 360,000, ndani ya siku 30 kuanzia tarehe ya hukumu.

Kabla ya kuingia ndani ya vifungu hivyo, hakikisha una karatasi sahihi mkononi. Hukumu ni maelezo marefu yanayoonyesha ushahidi na sababu za hakimu kuamua alivyoamua. Tuzo ni karatasi fupi inayotaja yaliyoamriwa tu, na ndiyo inayotumika baadaye mtu akirudi mahakamani kuomba amri itekelezwe. Omba nakala ya vyote viwili, zilizothibitishwa na kugongwa muhuri, kisha uzilinganishe. Ikiwa hukumu inasema 150,000 na tuzo imeandikwa 15,000, usinyamaze. Kosa la kuandika husahihishwa na mahakama hiyohiyo kwa maombi, bila kukata rufaa. Na yale unayokumbuka kuwa hakimu "alisema" siku ile, kama hayamo katika maandishi, si rahisi kumtaka mtu ayatekeleze.

Sasa tuangalie kifungu cha kuwaona watoto. "Jumamosi ya pili na ya nne" inaonekana nyepesi, lakini wengi huichanganya na "kila baada ya wiki mbili." Kwa baba wa mfano wetu, siku za mwanzo ni tarehe 14 na 28 Machi, kisha 11 na 25 Aprili, kisha 9 na 23 Mei. Hadi hapo hesabu zote mbili zinakwenda sawa. Lakini Mei 2026 ina Jumamosi tano. Baba anayehesabu wiki mbilimbili atabisha hodi tarehe 6 Juni, wakati amri inampa tarehe 13 Juni. Mama akimkatalia tarehe 6 hajavunja amri. Akimkatalia tarehe 13 ameivunja. Ugomvi wa namna hii unaweza kuepukwa kwa kukaa na kalenda siku ya kwanza na kuziandika tarehe zote za mwaka mzima, kila mzazi akabaki na nakala yake.

Angalia pia ambacho kifungu hakikusema. Amri yetu haisemi nani atawafuata watoto na nani atawarudisha, wala likizo zitagawanywaje, wala kama baba anaruhusiwa kulala nao. Kwa kuwa imetaja saa tatu hadi saa kumi na moja, kulala hakumo. Amri nyingine huwa na mwanya mkubwa zaidi: husema tu kwamba baba atawaona watoto "kwa nyakati zinazofaa." Wazazi wanaoelewana wanaweza kuishi na maneno hayo. Wasioelewana watabishana kila wiki, na ni heri warudi mahakamani mapema kuomba siku na saa zitajwe. Wakikubaliana kubadilishana Jumamosi moja, kwa mfano kwa sababu ya msiba au mtihani, waandikiane ujumbe wa simu unaotaja tarehe inayoachwa na tarehe inayochukua nafasi yake. Makubaliano ya kudumu yapelekwe mahakamani yaandikwe, kwani siku mkikosana mahakama itaangalia amri yake.

Kifungu cha matunzo kina maswali yake, na la kwanza ni kama kiasi kimetajwa kwa kila mtoto au kwa wote. Hapa kimetajwa wazi: watoto wote wawili. Lingeachwa neno hilo, mmoja angesoma 150,000 na mwingine 300,000. Swali la pili ni kiasi hicho kinabeba nini. Ada ya shule imewekwa kifungu chake, lakini ile ni ada iliyokwisha kudaiwa tu. Amri haikutaja ada ya muhula ujao, wala matibabu. Mama asikadirie mwenyewe kisha akamdai baba. Na baba naye asidhani ameachiliwa. Pengo hilo lizibwe kwa makubaliano ya maandishi, au kwa kuiomba mahakama itoe amri ya ziada.

Tufuatilie malipo yenyewe. Tarehe 4 Aprili baba anatuma 150,000 kwa simu. Mei anatuma 100,000, tena tarehe 9. Juni hatumi kitu, ila siku ya kuwaona watoto anawanunulia viatu na sare za shule vya shilingi 70,000. Kufikia mwisho wa Juni anadaiwa kiasi gani? Aprili hadaiwi kitu. Mei anadaiwa 50,000, na alichelewa siku nne. Juni anadaiwa 150,000 zote. Jumla ni shilingi 200,000. Viatu na sare ni jambo jema, lakini amri imeagiza fedha, kwa kuwa anayeishi na watoto ndiye anayejua leo panahitajika unga au dawa. Baba akitaka manunuzi yahesabiwe, apate kwanza kauli ya mama kwa maandishi. Atume fedha kwa njia inayoacha kumbukumbu, aandike "matunzo ya Mei," na ahifadhi ujumbe wa muamala. Anayetoa fedha taslimu mkononi achukue sahihi papo hapo.

Kifungu cha nne kinatupeleka kwenye tarehe, na hapa mfano wetu una funzo zuri. Siku 30 kuanzia tarehe 6 Machi zinaishia lini? Kwa kanuni ya kuhesabu siku katika Sheria ya Tafsiri ya Sheria, siku ya kuanzia haihesabiwi. Siku ya kwanza ni tarehe 7 Machi, na ya thelathini ni tarehe 5 Aprili, ambayo ni Jumapili ya Pasaka. Kanuni hiyo inasema siku ya mwisho ikiangukia mwisho wa wiki au sikukuu, tendo linaweza kufanywa siku ya kazi inayofuata. Jumatatu tarehe 6 ni Jumatatu ya Pasaka, na Jumanne tarehe 7 ni Siku ya Karume. Tunafika Jumatano, tarehe 8 Aprili. Hata hivyo, kanuni hiyo imetungwa kwa ajili ya muda uliowekwa na sheria, na anayeiegemea ili acheleweshe malipo yaliyoamriwa anajiweka mahali pa kubishiwa. Alipe kabla ya tarehe 5, achukue stakabadhi ya shule, ampe mama nakala.

Kuna tarehe nyingine ambayo haimo katika amri lakini inahesabika kimyakimya. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Wilaya katika shauri la ndoa ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Katika mfano wetu siku hizo zinaisha Jumatatu, tarehe 20 Aprili. Na kukata rufaa peke yake hakusimamishi amri. Mpaka mahakama iamuru utekelezaji usimame, matunzo yanaendelea kulipwa na Jumamosi zinaendelea kuwa za baba.

Mmoja akikaidi, mwingine afanye nini? Kwa matunzo, mama anapeleka maombi ya kukazia hukumu, akiambatisha tuzo na orodha ya miezi, kiasi kilicholipwa na kilichobaki. Mdaiwa huitwa ajieleze. Mahakama inaweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ikatwe na mwajiri, au mali yake ikamatwe na dalali wa mahakama. Kwa mwenye uwezo anayekataa kulipa, inaweza hata kuamuru awekwe gerezani kama mfungwa wa madai. Akitoka, deni bado lipo. Kwa baba anayenyimwa watoto, njia ni ileile ya maandishi: aandike tarehe na saa alizofika, atume ujumbe akiwa mlangoni, amshirikishe afisa ustawi wa jamii, kisha arudi mahakamani. Kumchukua mtoto shuleni kwa siri kunamgeuza yeye kuwa mvunjaji wa amri.

Maisha nayo hubadilika. Baba akiachishwa kazi, asijipunguzie kiasi mwenyewe, maana kila mwezi pungufu unajumlishwa kuwa deni. Sheria inaruhusu mahakama kubadilisha amri mazingira yakibadilika kwa uzito, hivyo aombe mara moja, akiwa na barua ya kuachishwa mkononi. Mama naye anaweza kuomba nyongeza mahitaji yakipanda. Matunzo kwa kawaida hukoma mtoto akifika miaka 18, lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu yaendelee ikiwa bado yuko masomoni, kwa maombi.

Limebaki jambo moja ambalo limewaumiza watoto wengi: imani kwamba mtoto akitimiza miaka 7 "ni wa baba." Sheria ya Ndoa inachosema ni kwamba inachukuliwa kuwa ni vyema mtoto wa chini ya miaka 7 aishi na mama yake, isipokuwa ikionyeshwa vinginevyo. Haisemi kwamba siku ya kutimiza miaka 7 anahama. Mtoto wetu wa miaka 5 atafika 7 mwaka 2028 au karibu na hapo, na siku hiyo kifungu cha kwanza kitakuwa palepale: watoto wataishi na mama. Baba akiona kwamba mtoto atakuwa na heri zaidi kwake, aombe mahakama iangalie upya. Hakimu atapima ustawi wa mtoto, na akiwa na umri wa kuweza kujieleza, atasikiliza anachotaka. Hadi amri mpya itolewe, baba anazo Jumamosi zake mbili, na tarehe 5 ya kila mwezi bado inamhusu.