Foraji moja, nyumba 60

Foraji ilipotoa maji katika kijiji chetu, upande wa Kolwezi, furaha ilidumu siku tatu. Siku ya nne watu walirushiana bidoni. Basi shefu akatuita chini ya mwembe: nyumba 60, kila nyumba sauti moja, hata za wajane.

Wapiga matofali walitaka anayefika mbele achote kiasi anachotaka. Mama mmoja muchuuzi wa ndizi akasimama: «Benye nguvu banafika na bidoni kumi. Siye benye batoto tutakunywa nini?»

Tukahesabu. Pompi inajaza bidoni ya litri 20 kwa dakika moja na nusu, ni bidoni 40 kwa saa. Toka saa kumi na moja ya asubuhi mpaka saa mbili, 120: mbili kwa kila nyumba. Mzee mmoja akasema mchana maji yanakatika tukisukuma bila kupumua, na tukiacha yanarudi. Basi si chuma kimeharibika, ni kisima kinaishiwa.

Kuinua mikono tulikataa. Wengi wetu tunapata kibarua kwa wapiga matofali, nani angethubutu? Kila nyumba iliingia peke yake chumbani kwa shefu, ikatia punje ya mahindi katika ndoo moja kati ya mbili. Bidoni mbili zilipata 41, mwenye kuwahi 19.

Wale 19 walinung'unika, kisha wakaomba maji ya mangaribi. Tuliwapa, baada ya kisima kupumzika mchana, wakilipa faranga za kununua mipira ya pompi.