Sura ya Sita: Aprili 28 na Msumeno Usio na Kinga

Tuchukue karakana ya mbao ya kubuni pale Kimbo, pembezoni mwa barabara kuu ya Thika, ukishapita mji wa Ruiru kuelekea Juja. Ina wafanyakazi 34 na misumeno 3 ya mviringo, ile inayozunguka katikati ya meza huku fundi akiisukumia mbao. Aprili 28 ni Siku ya Usalama na Afya Kazini Duniani, ambayo Shirika la Kazi Duniani limeiadhimisha tangu mwaka 2003. Hata kabla ya hapo, vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikiitumia siku hiyohiyo kuwakumbuka waliouawa au kujeruhiwa kazini. Asubuhi hiyo ofisi ya karakana yetu inachapisha maneno haya:

"Leo tunaungana na ulimwengu kuadhimisha Siku ya Usalama Kazini. Kwetu usalama ni kipaumbele, na wafanyakazi wetu ni familia. Pamoja tujenge kesho iliyo salama. Usalama kwanza!"

Chini yake kuna picha ya wakurugenzi wanne waliovaa kofia nyeupe za ujenzi, mpya kabisa.

Ondoa jina la karakana, uweke la benki au la shule. Hakuna neno litakalohitaji kubadilishwa, na hiyo ndiyo dalili kwamba chapisho halijasema lolote. Sasa chukua sentensi mojamoja na uiulize: nani alifanya nini, lini, na kitu hicho kiko wapi nikakione? "Usalama ni kipaumbele" haina jibu hata kwa swali moja kati ya hayo. Kofia nazo hazihusiani na hatari ya mahali hapa. Kwenye msumeno wa mviringo kinachoumia kwanza ni vidole.

Kosa la mwandishi lilikuwa kuanza kuandika akiwa mezani. Malighafi ya chapisho la namna hii iko katika sehemu mbili, yaani kwenye majalada na kwenye mashine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aunde kamati ya usalama, na mahali pa kazi pakaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12. Kwa hiyo karakana yenye watu 34 inapaswa kuwa na kumbukumbu za vikao, ripoti ya ukaguzi na rekodi ya ajali. Soma hizo kwanza. Tafuta jambo ambalo mkaguzi alilitaja, kamati ikalijadili, na pesa zikalipwa kulitengeneza. Mambo hayo matatu yakikutana, umepata kitendo.

Kuwa tu na kamati si jambo la kujivunia hadharani, kwa kuwa hilo ni takwa la sheria. Kinachostahili kuelezwa ni kile ambacho kamati ilibadilisha.

Tuseme ripoti inaonyesha kwamba misumeno yote mitatu haikuwa na kinga juu ya jino, wala kile kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya jino. Kazi ya kipande hicho ni kuuacha mpasuo wazi. Kisipokuwepo, mbao hujibana nyuma ya jino, na jino likairusha kwa nguvu kumwelekea fundi. Mkono uliokuwa ukisukuma huweza kuvutwa hadi kwenye meno. Stakabadhi zinaonyesha kwamba vifaa vya misumeno yote mitatu vilinunuliwa Februari. Mwandishi mvivu angekimbilia kuandika kwamba misumeno yote sasa ina kinga. Mwandishi wetu anashuka karakanani kwanza.

"Mzee, hii kinga ya huu wa mwisho iko wapi?" anauliza.

"Iko pale kabatini. Nikipasua vipande vyembamba inanizuia, siwezi kupitisha mkono wala kijiti cha kusukumia. Basi naitoa."

"Ulimwambia msimamizi?"

"Nilimwambia. Akasema order ya mteja imalizike kwanza."

Mazungumzo hayo mafupi yana uzito kuliko stakabadhi. Stakabadhi inathibitisha kununua, lakini anayelindwa analindwa na kinga iliyofungwa na kutumika. Fundi hajavua kinga kwa ukaidi. Ameivua kwa sababu haifai kwa kazi aliyopewa, na msimamizi alijua. Mwandishi anapeleka habari hiyo kwa mkurugenzi, naye ana njia mbili: kuficha, au kuusimamisha msumeno huo hadi ipatikane kinga inayofaa. Akichagua ya pili, kazi ya kuandika chapisho imeleta kitendo ambacho jana hakikuwepo.

Kabla ya kuandika upya, kuna mitego miwili ya kuepuka. Wa kwanza ni hesabu ya siku zilizopita bila ajali. Katika kundi la watu 34 idadi hiyo huweza kuwa kubwa kwa bahati tu. Tena ikishabandikwa ukutani na kuahidiwa zawadi, aliyekatwa kidole hufunga kitambaa na kunyamaza ili asiwaharibie wenzake. Afadhali kuhesabu hatari zilizoripotiwa na zilizorekebishwa. Ripoti zikiongezeka baada ya watu kuhakikishiwa kwamba hawataadhibiwa, huenda hiyo ni ishara ya kuaminiana, wala si lazima hatari ziwe zimezidi.

Wa pili ni kumtumia aliyeumia. Kwenye karakana ndogo, hata ukiacha jina, kusema "fundi wa msumeno wa pili" kunatosha kumtambulisha kwa majirani wote. Taja idadi na chanzo, uache habari zake mpaka mwenyewe akubali.

Chapisho jipya sasa linasomeka hivi:

"Karakana yetu ya Kimbo ina misumeno 3 ya mviringo. Mwaka jana watu 2 waliumia mikono wakiitumia, na yote mitatu haikuwa na kinga. Tulipaswa kuzifunga mapema zaidi. Tangu Februari misumeno 2 ina kinga na chuma cha kuzuia mbao isirushwe. Wa tatu tumeusimamisha leo, kwa sababu kinga tuliyonunua haifai kupasulia mbao nyembamba na mafundi walilazimika kuivua. Hautawashwa hadi kinga inayofaa ifungwe na kamati ya usalama iukague. Lengo letu ni Mei 31, na siku hiyo tutaeleza hapa tulipofikia. Fundi yeyote anayezima mashine kwa kuona hatari hatakatwa mshahara."

Picha ni ya msumeno wenyewe, kinga ikiwa imefungwa. Hakikisha mkono unaoonekana hauna glavu, maana karibu na jino linalozunguka glavu hunaswa na kuuvuta mkono. Fundi anayejua kazi ataliona kosa hilo mara moja, na hataamini maneno yaliyo chini yake.

Chapisho hili lisitoke kabla halijasomwa na mtu anayesimama kwenye mashine. Akisema "hapa si kweli," sentensi hiyo ibadilishwe au ifutwe, hata kama mkurugenzi ameipenda. Na Mei 31 ikifika, andikeni mlichoahidi kuandika. Kinga ikiwa bado, semeni bado na mtaje sababu, huku msumeno ukibaki umezimwa.

Ikiwa umepekua majalada, umeshuka karakanani, na hujapata hata jambo moja lililofanyika, usichapishe chochote Aprili 28. Peleka orodha ya hatari kwa kamati siku hiyo, na uombe tarehe ya kurekebisha ile ya kwanza.