Tunduma na Nakonde: Mtaa Mmoja, Saa Mbili

Mgeni anayeshuka basi Tunduma kwa mara ya kwanza anaweza kudhani Nakonde ni kata nyingine ya mji huohuo. Maduka yamefuatana, malori yamepanga foleni, na Kinyamwanga kinazungumzwa huku na huku. Lakini akivuka tu, saa inarudi nyuma kwa dakika 60. Tanzania inafuata majira ya Afrika Mashariki. Zambia inafuata ya Afrika ya Kati. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo, saa yake huweza kujibadili yenyewe, na mwenye simu akajikuta amefika saa nzima kabla ya miadi, au saa nzima baadaye.

Saa hiyo moja ni kubwa kuliko inavyosikika. Ofisi za serikali Tanzania hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Za Zambia hufunguliwa saa 2:00 kwa saa yao, ambayo Tunduma ni saa 3:00. Wakienda kula saa 7:00 mchana, Tunduma ni saa 8:00. Wakirudi, Tunduma imeshagonga saa 9:00. Sasa mchukue mfanyabiashara anayehitaji karatasi ya halmashauri ya Nakonde kwanza, kisha aipeleke halmashauri ya Tunduma siku hiyohiyo. Akikosa kuhudumiwa kabla ya Wazambia kwenda kula, amebakiwa na nusu saa tu ya kupata karatasi, kuvuka na kufika dirishani. Mwenye safari ya kinyume ana nafuu: Tunduma ikifunga, Nakonde ni saa 8:30 mchana na kazi inaendelea hadi saa 11:00 jioni.

Sikukuu nazo zina mambo yake. Idd Tanzania ni mapumziko, Zambia ni siku ya kazi. Tarehe 24 Oktoba, Zambia inaposherehekea uhuru wake, upande wa Tunduma ofisi zinafanya kazi kama kawaida.

Mpaka wenyewe unatokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Waingereza walitaka barabara ya Stevenson, iliyounganisha Ziwa Nyasa na Tanganyika, ibaki kwao. Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili za mstari, na tangu hapo kila upande umeendeshwa kivyake. Hakuna mahali tofauti hiyo inapoonekana wazi kama kwenye kiwanja.

Tuseme ndugu wawili wanatafuta ardhi ya kujenga, mmoja raia wa huku, mwingine wa kule. Wa Nakonde, akipenda ardhi ya kimila, anaanza kwa mkuu wa kijiji, kisha kwa chifu. Zambia inawatambua machifu kisheria, na eneo hilo lina chifu wa kike mwenye cheo cha Nawaitwika. Akitaka hati, ridhaa ya chifu ndiyo mlango: inapitia halmashauri, halafu inakwenda kwa kamishna wa ardhi, naye hutoa hati ya hadi miaka 99. Ikishatoka, ardhi hiyo imeondoka mikononi mwa mila, hairudi.

Wa Tunduma hana chifu wa kumwendea. Tanzania ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Huyu huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye kwa kawaida hushuhudia mauziano na kugonga muhuri. Hapa ndipo wengi wanapoumia: muhuri wa mwenyekiti unaonyesha kwamba mliuziana, si kwamba kiwanja kimepimwa wala kwamba hakijauzwa kwa mwingine. Bila kukiulizia ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza kuja kukutana na mwenzake mwenye karatasi kama yake.

Wala ndugu hao hawawezi kubadilishana majina ili mambo yarahisike. Kwa kawaida sheria ya Tanzania haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo damu moja peke yake haitoshi. Hata kitambulisho wanapewa kwa umri tofauti: Zambia miaka 16, Tanzania 18.

Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa rasmi. Dereva sasa husimama mara moja, katika nchi anayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili humhudumia chini ya paa moja. Mzigo umepata njia fupi. Mtu mwenye shida ya kiwanja, cheti au leseni bado anazunguka ofisi mbili, na kabla ya kutoka nyumbani anauliza: saa tatu ya wapi?