Khlong Toei si Dandora

Broshua za vyuo vyetu huandikwa kwa msomaji anayeijua Nairobi tayari. Zinasema chuo ni “bora Afrika Mashariki na Kati”, shahada “inatambulika kimataifa” na ada ni “nafuu kuliko Ulaya”. Mzazi wa Umoja au Donholm hupita juu ya maneno hayo bila kusita, kwa sababu amekua nayo. Afisa wa mipango katika manispaa moja ya Thailand akiyasoma kwa Kithai atabaki na swali moja tu: bora kuliko nani?

Nitumie mfano nilioutunga kutokana na sentensi zinazojirudia katika broshua za hapa. Tuseme ni shahada ya uzamili ya mipango miji ya miaka miwili, ambayo mafunzo yake ya nyanjani hufanyika katika mitaa ya Eastlands. Kurasa sita zitakwenda kwa Kithai, na kazi ngumu ipo kwenye ukurasa wa kwanza.

Anza na ile “bora Afrika Mashariki na Kati”. Mthai hawajui washindani tunaowashinda, kwa hiyo ushindi wenyewe hauna uzito kwake. Kuna pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya Thailand ya mwaka 1979 inakataza tangazo lenye maelezo ya uongo au yaliyotiwa chumvi, na kamati husika inaweza kumtaka mtangazaji athibitishe alichodai. Wakala anayegawa broshua hiyo jijini Bangkok ndiye aliye karibu kugongewa mlango. Mfasiri asihangaike kutafuta namna ya Kithai ya kujisifu kwa upole. Arudi kwa chuo na kuuliza: mlitaka kuthibitisha nini? Kama jibu ni kwamba wanafunzi hukaa muhula mzima nyanjani wakipima viwanja na kuhoji wakazi, basi hilo ndilo liandikwe, na neno “bora” liondoke. Kama jibu ni kukuna kichwa, sentensi nzima ifutwe.

“Inatambulika kimataifa” ni hatari zaidi. Mtumishi wa serikali wa Thailand akirudi na shahada ya nje anahitaji ofisi ya Tume ya Utumishi wa Umma ya kwao iikubali kabla haijahesabika kwenye ajira. Akisoma “kimataifa” ataamini jambo hilo limekwisha, kumbe halijaanza. Mahali pake waandike kinachoweza kukaguliwa: kwamba programu imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya, na kwamba mwombaji aulize ofisi ya kwao kuhusu shahada hiyo kabla ya kulipa. Watu wa masoko hawaipendi sentensi ya pili, wanasema inamtisha mteja. Mimi naiona kuwa sentensi yenye manufaa kuliko zote katika ukurasa huo.

Ulinganisho wa ada nao unampiga mtu asiyekuwepo. Anayewaza Nairobi kutoka Bangkok halinganishi na London peke yake. Karibu naye, Pathum Thani, ipo Taasisi ya Teknolojia ya Asia, inayofundisha uzamili kwa Kiingereza tangu ilipoanzishwa mwaka 1959, na Chulalongkorn na Thammasat zipo jijini. Kwa bei ya nauli hatuwashindi. Tutaje ada yetu kwa shilingi na kwa bahti, pamoja na tarehe ya kiwango cha ubadilishaji kilichotumika, kisha tuseme kile ambacho Pathum Thani haiwezi kumpa, yaani Eastlands yenyewe.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa. Mfasiri makini anayetaka kumsaidia msomaji wake ataandika kwamba Eastlands ni “Khlong Toei ya Nairobi”. Khlong Toei ndilo eneo la makazi duni linalojulikana kuliko yote Bangkok, kando ya bandari, na sehemu yake kubwa iko juu ya ardhi ya Mamlaka ya Bandari. Ulinganisho huo una ladha ya kienyeji na unaingia haraka. Lakini una kosa, na kosa lake ni la kitaalamu.

Eastlands si makazi ya aina moja. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 na halmashauri ya manispaa kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, nyumba za chini zilizozunguka viwanja vya wazi, na mpaka leo mwenye nyumba ni serikali ya kaunti. Buruburu ya miaka ya 1970 ni mtaa wa watu wa tabaka la kati walionunua kwa mkopo wa nyumba. Dandora ilianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1975: viwanja kama 6,000 vyenye maji, choo na njia, kisha mwenye kiwanja ajijengee. Wengi walijenga vyumba vya kupangisha, na leo kuna majengo ya ghorofa pale palipochorwa nyumba za familia moja. Mukuru nayo ni hadithi nyingine kabisa. Ukiziita zote Khlong Toei, umemwahidi mwanafunzi somo moja pale ambapo atakuta manne, na utofauti huo ndio chuo kilikuwa kinauza.

Mbadala si kuacha kulinganisha. Kuna ulinganisho unaosafiri, ila unalinganisha namna ya kufanya kazi, hauvishi mtaa wetu jina la mtaa wao. Mpanga miji wa Thailand anaijua Baan Mankong, mpango ulioanza mwaka 2003, ambapo wakazi huunda vikundi vya akiba, hupima eneo lao wenyewe, hujadiliana kuhusu ardhi na kukopa kwa pamoja kutoka taasisi ya umma. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, likiwa na zaidi ya kaya 100,000, na mpango ukatayarishwa na kaunti, vyuo vikuu na mashirika, Muungano wa Wanavijiji ukiwa miongoni mwao. Msomaji wa Kithai ataona undugu mara moja. Sentensi inayofuata inapaswa kumwonyesha undugu huo unapokwisha: ardhi nyingi ya Mukuru ina hati za watu binafsi, na hapana mfuko unaokopesha jumuiya kwa kiwango cha Thailand. Kwa mtu wa fani hii, tofauti hiyo ni sababu tosha ya kupanda ndege.

Kuna mambo madogo yanayoangusha kazi nzuri. Miaka ya Kithai iko mbele ya yetu kwa 543, kwa hiyo muhula wa Septemba 2026 uandikwe pamoja na 2569. Kithai hakiachi nafasi kati ya neno na neno, na alama zake hupanda juu na kushuka chini ya herufi. Mchapishaji asiyejua atakata mstari katikati ya neno na kubana mistari mpaka alama zigongane. Mthai auone ukurasa ukiwa umekwisha kupangwa, si maandishi matupu.

Mwisho tafsiri hiyo wapewe Wathai watatu wa fani hiyo ambao hawajaiona broshua ya Kiingereza. Wasiulizwe kama Kithai ni kizuri, maana watajibu ndiyo kwa adabu. Waombwe kueleza kwa maneno yao watakachosoma, wapi, kwa fedha ngapi, na nani atawapokea na shahada wakirudi. Mmoja akisema atajifunza kuhusu “slamu ya Nairobi”, ukurasa wa kwanza unarudi mezani.