Nukta Juu ya Picha: Uwezekano wa Uwiano wa Sampuli Kuvuka Kiwango Fulani

Watafiti wa bahari wanaotaka kujua ni sehemu gani ya mwamba iliyofunikwa na matumbawe hai hawawezi kuupima mwamba wote, kwa hiyo hupiga picha za vipande vidogo vya sakafu ya bahari, kwa kawaida vikiwa vimezungushiwa fremu ya mraba, kisha hutawanya nukta kwa kubahatisha juu ya kila picha na kuandika kilicho chini ya kila nukta: tumbawe hai, mwani, mchanga, au vifusi vya matumbawe yaliyokufa. Kazi hiyo hufanywa kwa msaada wa programu za kompyuta kama CPCe, ambayo ilielezwa na waundaji wake mwaka 2006. Idadi ya nukta zilizoangukia matumbawe hai, ikigawanywa kwa idadi ya nukta zote, hutoa uwiano wa sampuli, nao ndio unaotumika kukadiria uwiano halisi wa mwamba mzima. Njia hii imekuwa na kazi kubwa katika Bahari ya Hindi ya Magharibi tangu joto la bahari la mwaka 1998, lililofanya matumbawe mengi ya eneo hilo yapauke na kufa, kwa kuwa tangu hapo swali la kama mwamba fulani unapona limekuwa likijibiwa kwa kulinganisha uwiano wa mwaka mmoja na wa mwaka mwingine.

Ugumu wa ulinganisho huo ni kwamba uwiano wa sampuli hubadilika hata pale ambapo mwamba wenyewe haujabadilika. Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano, kuwa upimaji wa kina wa miaka iliyopita umeonyesha kwamba matumbawe hai yanafunika robo ya mwamba fulani, yaani uwiano halisi p ni 0.25, na kwamba sasa timu mpya imepiga picha 30, ikaweka nukta 10 juu ya kila picha, na hivyo kupata nukta 300 kwa jumla. Timu hiyo ikikuta zaidi ya asilimia 30 ya nukta ziko juu ya matumbawe hai, je, hiyo ni dalili kwamba matumbawe yameongezeka, au ni tofauti ambayo bahati peke yake ingeweza kuileta? Ili kujibu, hesabu huanza kwa kukubali kwa muda kwamba hakuna kilichobadilika, yaani p bado ni 0.25, kisha huuliza ni mara ngapi sampuli ya aina hiyo ingevuka 0.30.

Jibu linategemea kile kinachoitwa mgawanyo wa uwiano wa sampuli, ambao maana yake ni orodha ya thamani zote ambazo uwiano huo ungeweza kuzipata kama upimaji uleule ungerudiwa mara nyingi sana, pamoja na uwezekano wa kila thamani. Mgawanyo huu haupaswi kuchanganywa na mgawanyo wa nukta zenyewe, kwa sababu nukta moja ina majibu mawili tu, iko juu ya tumbawe hai au haiko, ilhali uwiano wa nukta 300 unaweza kuwa 0.22, 0.26, 0.293 na thamani nyingine nyingi. Kitovu cha mgawanyo huo ni uwiano halisi wenyewe, 0.25, ikiwa nukta zimechaguliwa bila upendeleo. Upana wake hupimwa kwa kosa sanifu, ambalo ni kipimo cha umbali wa kawaida kati ya uwiano wa sampuli na uwiano halisi, nalo hupatikana kwa kuzidisha p na 1 − p, kugawanya zao hilo kwa idadi ya nukta n, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Katika mfano huu 0.25 mara 0.75 ni 0.1875, ikigawanywa kwa 300 ni 0.000625, na kipeuo chake cha pili ni 0.025.

Umbo la mgawanyo huo, nukta zinapokuwa nyingi vya kutosha, hukaribia mgawanyo wa kawaida, yaani ule mkunjo wa kengele ulio sawa pande zote mbili, jambo ambalo Abraham de Moivre alilionyesha kwa hesabu mwaka 1733. Kanuni ya vitendo inayotumiwa na wengi hudai kwamba nukta zinazotarajiwa kuangukia matumbawe na zile zinazotarajiwa kuyakosa ziwe angalau 10 kila upande, na hapa ni 75 na 225, kwa hiyo sharti hilo limetimia kwa wingi. Lisingetimia kama kinachopimwa kingekuwa aina adimu ya tumbawe inayofunika asilimia 2 tu ya mwamba, kwa kuwa zingetarajiwa nukta 6 pekee, na mkunjo ungeelemea upande mmoja kiasi cha kuifanya kengele itoe jibu lisilotegemeka.

Hatua iliyobaki ni kupima kiwango kilichotajwa kiko mbali kiasi gani na kitovu, kwa kutumia kosa sanifu kama kizio. Tofauti kati ya 0.30 na 0.25 ni 0.05, na 0.05 ikigawanywa kwa 0.025 ni 2, kwa hiyo kiwango cha asilimia 30 kiko makosa sanifu mawili juu ya kitovu. Jedwali la mgawanyo wa kawaida huonyesha kwamba eneo lililo juu ya 2 ni takriban 0.023, na jibu hilohilo hutolewa na lahajedwali kwa fomula hii:

```
=1-NORM.S.DIST(2,TRUE)
```

Kwa maneno mengine, kama mwamba haujabadilika, sampuli kama mbili hivi katika kila 100 zingevuka asilimia 30 kwa bahati tu. Anayetaka usahihi zaidi atakumbuka kwamba nukta huhesabiwa kwa namba nzima, hivyo kuvuka asilimia 30 ya nukta 300 ni kupata nukta 91 au zaidi, na mpaka unaofaa kati ya 90 na 91 ni 90.5. Marekebisho hayo hushusha jibu hadi karibu asilimia 1.9, tofauti ambayo haibadilishi uamuzi wowote. Jambo lisilopaswa kupotea ni kwamba asilimia hiyo ndogo si uwezekano wa mwamba kuwa haujabadilika, bali ni uwezekano wa kuona sampuli kubwa kiasi hicho ikiwa haujabadilika, na hayo ni maswali mawili tofauti.

Mpaka hapo hesabu imekwenda kama zilivyo hesabu za vitabu vya shule, nayo ingekuwa sahihi kama nukta 300 zingetawanywa moja moja juu ya mwamba mzima. Hata hivyo hazikutawanywa hivyo, kwa sababu nukta 10 za picha moja zote zimeangukia kipande kilekile cha sakafu, na matumbawe hayasambai sawasawa. Tumbawe moja kubwa laweza kujaza nusu ya picha, na picha inayofuata, iliyopigwa mita chache tu kutoka hapo, ikawa mchanga mtupu. Nukta ya kwanza ikiangukia tumbawe hai, nyingine za picha hiyo zina nafasi kubwa kuliko 0.25 ya kuangukia tumbawe hai pia, na hivyo kila nukta inayoongezwa ndani ya picha ileile huleta habari mpya kidogo kuliko iliyotangulia.

Ukubwa wa tatizo hilo hupimwa kwa kigezo ambacho mtaalamu wa sampuli Leslie Kish alikieneza katika kitabu chake cha mwaka 1965, na ambacho kwa Kiswahili chaweza kuitwa athari ya mpangilio wa sampuli. Huanza kwa kukadiria kiasi ambacho nukta za picha moja zinafanana, kwa kipimo ambacho ni 0 pale zisipofanana zaidi kuliko nukta za picha tofauti, na ni 1 pale ambapo nukta zote za picha moja hutoa jibu lilelile. Kipimo hicho huzidishwa na idadi ya nukta za kila picha iliyopunguzwa moja, kisha huongezwa 1. Ikichukuliwa kuwa mfanano huo ni theluthi moja, 9 mara theluthi moja ni 3, na ukiongeza 1 unapata 4. Maana yake ni kwamba nukta 300 zilizohesabiwa zina uzito wa nukta 75 tu zilizotawanywa kwa uhuru, na kosa sanifu linakua kwa kipeuo cha pili cha 4, yaani mara mbili, kutoka 0.025 hadi 0.05.

Hesabu ya mwisho ikirudiwa kwa kosa hilo jipya, kiwango cha 0.30 kinakuwa kosa sanifu moja tu juu ya kitovu, na uwezekano wa kukivuka unapanda hadi takriban 0.159. Matokeo ambayo mwanzo yalionekana kuwa ya nadra, mara mbili hivi katika 100, sasa yanatarajiwa karibu mara 16 katika 100 bila mwamba kubadilika hata kidogo, na timu ambayo ingetangaza kupona kwa matumbawe kwa kutegemea hesabu ya kwanza ingekuwa imetangaza mapema.

Kosa hilo linaweza kugunduliwa bila hesabu ngumu. Uwiano wa matumbawe hai hutafutwa kwa kila picha peke yake, na namba 30 zinazopatikana hukokotolewa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi zinavyotawanyika kuuzunguka wastani wao. Kama nukta zingekuwa huru, picha zenye nukta 10 zingetofautiana kwa mkengeuko sanifu wa karibu 0.14. Ukionekana mkengeuko wa karibu 0.27, huo ndio mfanano wa theluthi moja uliokwisha kuelezwa, na ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 30 hutoa moja kwa moja kosa sanifu sahihi la 0.05. Faida ya njia hii ni kwamba huichukulia picha kuwa ndicho kizio cha sampuli, wala haihitaji mtu kukisia mfanano wa nukta.

Dawa yake pia inatokana na hapo, nayo ni kuongeza picha badala ya nukta. Nukta zilezile 300 zikigawanywa juu ya picha 150, mbili kwa kila picha, na mfanano ukibaki theluthi moja, kosa sanifu hushuka hadi karibu 0.029, na uwezekano wa kuvuka 0.30 huwa karibu asilimia 4. Hakuna idadi ya picha, hata hivyo, inayoweza kuponya upendeleo wa mpiga picha anayeelekeza kamera pale matumbawe yanapopendeza, kwa sababu upendeleo hauupanui mgawanyo, bali hukihamisha kitovu chake, na kosa sanifu halioni uhamisho huo. Kwa hiyo msomaji wa ripoti inayodai kwamba matumbawe yameongezeka aangalie kwanza mahali pa kupiga picha palichaguliwaje, kisha picha zilikuwa ngapi, na idadi ya nukta aiweke nafasi ya mwisho.