Je, wajua? Aliyelifunga faili lako huenda ni wewe

Ukifungua "Mkutano Mei.docx", Word huunda kando yake kijifaili kilichofichwa, "~$utano Mei.docx", chenye jina la aliyelifungua. Ukifunga vizuri, hufutika. Umeme ukikatika au Word ikiganda, hubaki, na kesho yake unaambiwa faili linatumiwa na mtu mwingine, pengine kwa jina lako mwenyewe!

Kwanza waulize wenzako mnaotumia folda hiyo. Huenda kweli mmoja wao amelifungua. Kama hakuna, funga Word, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, na chini ya "Details" uizime WINWORD.EXE ikiwa bado inafanya kazi kimyakimya. Kisha, kwenye Windows 11, fungua folda, chagua View, Show, Hidden items, ufute kile chenye "~$" tu. Hati yenyewe usiiguse.