Doom ya 1993 na Hatari ya Gemu za Kupakua Bure

Gemu ya Doom ilitolewa na kampuni ya Kimarekani ya id Software tarehe 10 Desemba 1993. Sehemu ya kwanza, yenye hatua 9, ilitolewa bure na watu wakaruhusiwa kupeana nakala. Aliyetaka sehemu zilizobaki alilipia. Leo tovuti nyingi zisizo rasmi huweka gemu nzima na kuiita gemu iliyotelekezwa, kana kwamba mwenyewe hayupo tena. Sheria haina kundi la namna hiyo. ZeniMax iliinunua id Software mwaka 2009, Microsoft nayo ikainunua ZeniMax mwaka 2021, na haki za Doom zikahama pamoja na kampuni. Kwa sheria ya Marekani, kazi iliyotengenezwa na waajiriwa wa kampuni hulindwa kwa miaka 95 tangu ichapishwe. Doom basi ina mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2088.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba nusu ya gemu hii kweli ni huru. Mwaka 1997 id Software ilitoa msimbo wa programu inayoiendesha, na mwaka 1999 msimbo huo ukawekwa chini ya leseni huria ya GPL. Ndiyo maana programu kama Chocolate Doom hutumika bure bila kosa lolote. Lakini ramani, picha, sauti na muziki vimo katika faili la pembeni liitwalo DOOM.WAD, na hilo halikuachiwa kamwe.

Wanaoshtakiwa mara nyingi ni wasambazaji, si mchezaji mmoja aliyepakua nyumbani. Mwaka 2018 Nintendo iliwafungulia kesi wamiliki wa tovuti ya LoveROMs, nayo ikaisha kwa hukumu ya zaidi ya dola milioni 12. Hata hivyo, sheria za hakimiliki za Kenya ya 2001 na Tanzania ya 1999 zinalinda programu za kompyuta pia. Mwenye kibanda anayewajazia wateja gemu kwenye fleshi kwa malipo ni msambazaji, na hali yake ni mbaya kuliko ya mteja wake.

Hatari ya virusi humfikia mpakuaji moja kwa moja. Faili la WAD ni data tupu: haliwezi kujiendesha lenyewe. Mhalifu anahitaji mtu abofye programu, kwa hiyo huipa programu yake jina kama DOOM.WAD.exe. Windows isipobadilishwa mipangilio huficha herufi za mwisho za jina, na mpakuaji huona DOOM.WAD peke yake. Kwanza basi ni kuwasha chaguo la kuonyesha herufi hizo. Pili, faili lifunguliwe kwa Notepad bila kulibofya mara mbili: WAD halisi ya gemu huanza na herufi IWAD, na programu ya Windows huanza na MZ. Ukubwa nao husema kitu, kwani DOOM1.WAD ya sehemu ya bure, toleo la 1.9, ina baiti 4,196,020.

Ishara nyingine ni faili la zip lenye nenosiri lililoandikwa pembeni. Nenosiri hilo huwekwa ili programu ya kuzuia virusi isiweze kuona kilichomo. Tovuti inayomwambia mtu azime kinga hiyo kabla ya kusakinisha iachwe hapo hapo. Programu nyingi za aina hii huiba manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, kisha hunyamaza. Gemu inaweza hata kufunguka vizuri. Aliyekwisha kuibofya abadilishe manenosiri yake kwa kutumia kifaa kingine, kwa sababu yanayoandikwa kwenye kompyuta iliyoambukizwa nayo huchukuliwa.

Kwa Doom, njia halali ni rahisi. Mwaka 2024 ilitolewa upya pamoja na Doom II katika kifurushi kimoja, na hupatikana Steam na GOG. GOG, iliyoanza mwaka 2008 kwa kuuza gemu za zamani, humpa mnunuzi faili la kusakinisha lisilo na kufuli, na analoweza kulihifadhi mwenyewe. Steam huifunga gemu kwenye akaunti. Asiye na kadi ya benki nchini Kenya anaweza kulipa kwa kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa na M-Pesa. Asiyetaka kulipa ana sehemu ya kwanza, au Freedoom, mradi uliochora ramani na picha zake upya na kuzitoa bure.

Si kila gemu ina bahati hiyo. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena. Gemu za mpira huumia zaidi, maana leseni za majina ya wachezaji na timu huisha muda. Kwa gemu hizo, njia iliyo salama kisheria ni kununua diski au katriji halisi iliyotumika, pamoja na mashine yake.